Linux Mint ya laivu kwenye flashi: pa kuiamini na pa kuitilia shaka

Kwa mwenye Windows anayetaka kuonja Linux bila kugusa diski yake, ninachopendekeza kwanza ni Linux Mint 22.1 Cinnamon iliyoandikwa kwenye flashi kwa programu ya Rufus. Nina sharti moja tu: ujue kuisoma. Mfumo unaoendeshwa laivu, yaani moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa, husema kweli kuhusu vifaa vya kompyuta yako, lakini kuhusu kasi hauaminiki. Watu wengi husoma kinyume. Wanaona madirisha yanafunguka kwa kusuasua, wanaikataa Linux, na hata sauti hawajaijaribu.

Flashi ya GB 8 inatosha, kwa sababu faili la ISO, lenye mfumo mzima wa Mint, ni karibu GB 3. Kila kilichomo kwenye flashi kitafutwa. Kabla ya kuandika, hakiki faili ulilopakua. Wengi huiruka hatua hii, kisha wanakesha wakitafuta kosa mahali pasipo na kosa. Fungua Command Prompt kwenye folda yenye faili, uandike:

```
certutil -hashfile linuxmint-22.1-cinnamon-64bit.iso SHA256
```

Linganisha jibu na mstari wa faili hilo kwenye `sha256sum.txt` ya tovuti ya Mint. Herufi moja ikitofautiana, pakua upya. ISO yenye hitilafu haikatai kuwaka kila mara: huweza kuwaka vizuri, kisha ikakwama unapofungua programu ambayo vipande vyake ndivyo vilivyoharibika.

Rufus haihitaji kusakinishwa. Chagua flashi kwenye Device na uangalie ukubwa wake mara mbili kama una diski nyingine ya nje, kisha chagua ISO na ubonyeze START. Itakuuliza kati ya ISO Image mode na DD Image mode. Anza na ya kwanza. Ya pili iache akiba, kwa kompyuta inayokataa kuwaka kwa flashi ya namna ya kwanza. Ukiitumia, Windows inaweza kudai kwamba flashi inahitaji kufomatiwa. Haijaharibika, Windows haielewi tu mpangilio ule. Ukikubali kufomati, kazi inaanza upya.

Sasa kuwasha. Usizime Windows kwa Shut down ya kawaida, maana Fast Startup huiacha ikiwa imelala nusu, na Mint itaona sehemu ya Windows kama iliyofungwa vibaya. Shikilia Shift huku ukibonyeza Restart, kisha Use a device, halafu chagua flashi. Njia hii inakuepusha pia na kubahatisha vitufe. Isipokuwepo, jaribu F12 kwenye Dell na Lenovo, F9 kwenye HP, au Esc kwenye Asus.

Ukikutana na ujumbe `Verifying shim SBAT data failed: Security Policy Violation`, ISO yako ni ya zamani. Masasisho ya Windows ya Agosti 2024 yaliondoa idhini ya viwashio vya zamani, na Secure Boot, ulinzi wa kompyuta unaokagua kinachowashwa, sasa inavikataa. Pakua toleo jipya. Kuzima Secure Boot nako kunafanya kazi, ila kama diski inalindwa na BitLocker, Windows inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48 ukirudi. Uwe nao mkononi kabla hujabadilisha chochote. Skrini ikibaki nyeusi baada ya menyu, rudi uchague mstari wenye maneno `compatibility mode`.

Ukishaona eneokazi, fungua terminali:

```
inxi -N
lsblk
```

Amri ya kwanza inaonyesha kadi za mtandao na draiva zake. Kadi ya Wi-Fi yenye draiva iliyotajwa, na inayoona mitandao ya jirani, itafanya kazi vivyo hivyo baada ya kusakinisha. Ukiona `driver: N/A`, jambo linalotokea sana kwa kadi za Broadcom, unganisha simu ya Android kwa waya na uwashe USB tethering. Mint itaichukua kama mtandao wa kebo, kisha Driver Manager itakutafutia draiva. Hapa ndipo watu hukata tamaa mapema. Secure Boot ikiwa imewashwa, draiva ya namna hiyo inahitaji ufunguo unaosajiliwa kwa kuwasha kompyuta upya, na laivu ikizimwa husahau kila kitu. Kwa hiyo Broadcom kushindwa ndani ya laivu hakumaanishi itashindwa kwenye diski. Kadi za picha za NVIDIA nazo zipime kwa mizani hiyohiyo: laivu hutumia draiva huria ya nouveau, na draiva ya kampuni yenyewe huwezi kuijaribu ipasavyo hapo.

Amri ya pili, `lsblk`, huorodhesha diski, nayo ndiyo muhimu kuliko zote. Tuseme laptopu ina SSD ya GB 512 lakini orodha inaonyesha flashi tu, pamoja na mistari ya `loop`. SSD haijafa. Mara nyingi kidhibiti cha diski kimewekwa kwenye RAID au Intel RST ndani ya BIOS, na kisakinishi nacho hakitaiona. Dawa ni kukihamishia kidhibiti hicho kwenye hali ya AHCI, ila ukibadilisha bila kuiandaa Windows kwanza, haitawaka. Bora ujue hili leo ungali unajaribu.

Kisha laza kompyuta kwa Suspend, flashi ikiwa imechomekwa, na uiamshe baada ya dakika moja. Kuna laptopu zinazoamka na skrini nyeusi, na laivu inalifichua hilo waziwazi. Ikiomba nenosiri, jina ni `mint` na nenosiri liache tupu. Jaribu pia sauti, kamera na vitufe vya mwanga.

Tuje kwenye kasi. Mfumo mzima umegandamizwa ndani ya faili moja, na kila programu unayofungua husomwa kutoka kwenye flashi na kufunguliwa papo hapo. Flashi ya USB 2.0 husoma karibu MB 25 kwa sekunde. SSD ya kawaida huzidi hiyo mara nyingi. Kama RAM ni GB 8 au zaidi, kuna njia ya kupima kwa haki: kwenye menyu ya kuwasha bonyeza `e`, nenda mwisho wa mstari unaoanza na `linux`, ongeza nafasi na neno `toram`, kisha F10. Mfumo wote utanakiliwa kwenye RAM, utasubiri takriban dakika mbili kwa flashi ya kasi hiyo, na baada ya hapo programu hufunguka upesi.

Kumbuka tu kwamba unachopakua au kusakinisha wakati wa laivu pia hukaa kwenye RAM. Kwa kompyuta ya GB 4, nafasi hiyo hujaa upesi na programu huanza kujifunga zenyewe.

Ukirudi Windows, saa inaweza kuwa imesogea. Linux huihesabu saa ya ndani kwa UTC, Windows kwa saa ya mahali ulipo. Bonyeza Sync now kwenye mipangilio ya saa. Flashi yenyewe utairudisha katika matumizi ya kawaida kwa Rufus ileile: Boot selection iwe Non bootable, kisha START.