Kiatu cha ofisini cha kutembea kutwa: kikunje kabla hujalipa

Karibuni watazamaji. Hapa mezani kuna jozi mbili nyeusi za ngozi, zote za kamba, zote zinakaa vizuri na suruali ya kitambaa na shati la kuchomekea. Lakini kwa mtu anayeshuka mwendokasi Kivukoni akazunguka na mafaili Posta mpaka jioni, moja itamrudisha nyumbani anachechemea.

Tuanze na hii ya kushoto. Nashika kisigino mkono huu, ncha mkono huu, nakunja. Mmeona? Imekunjika katikati, chini ya upinde wa wayo. Mguu wa mtu haukunjiki hapo, unakunjika kwenye mzizi wa vidole. Kiatu kikilegea katikati, wayo ndio unabeba kazi ya soli, na kufika saa nane mchana unyayo unawaka moto. Ya kulia nayo hii: inakunjika penye vidole tu, katikati imekaza. Hata ukiisokota kama unayekamua nguo, inagoma.

Sasa tazameni zinapopita kamba. Ya kushoto, yale masikio mawili yameshonewa chini ya ngozi ya mbele, kwa hiyo hayafunguki sana. Ni mtindo rasmi zaidi, wa harusini. Ya kulia masikio yameshonewa juu, yanafunguka wazi. Mguu huvimba kadiri unavyotembea, na hapa utalegeza kamba ukaendelea na safari. Ndiyo maana kiatu kinajaribiwa jioni, na soksi zilezile za kazini. Simama wima: mbele ya kidole kirefu kuliko vyote (kwa wengine ni cha pili, si gumba) ibaki nafasi ya upana wa dole gumba. Kisha tembea. Kisigino kikipanda na kushuka ndani ya kiatu, hayo ni malengelenge yanakusubiri.

Wanunuzi wa mitumba, hapa ndipo wengi wanapoliwa. Kuna soli nyepesi sana, ya povu gumu linaloitwa poliyurethani. Mguuni ni tamu, ila unyevu wa hewani huivunja taratibu hata kiatu kikiwa kabatini. Kwa hiyo jozi inayong'aa kama mpya inaweza kumeguka kama keki siku ya kwanza barabarani. Bonyeza kwa ukucha pembeni ya soli. Ikinata, ikibaki na shimo, au ukiona nyufa nyembamba kama unywele ukiikunja, rudisha. Kama ngozi ya juu imekupendeza mno, basi punguza kwenye bei gharama ya fundi kuweka soli ya mpira, na mwambie aishone, asiishie kwenye gundi.

Rangi ya soli? Nyeusi au kahawia iliyokoza. Soli nyeupe inageuza kiatu chochote kuwa raba, hata ungevaa na suti.

Dada zangu, kunja na ukucha ni vilevile kwenu. Kisigino kiwe kipana, kisizidi sana sentimita 3.