Imeandikwa 4K, lakini tazama kamera yake kwanza

Wapenzi wa Lubumbashi, Goma na Bukavu, karibuni tena. Msitoke kwanza, leo nina hasira kidogo. Hapa Lubumbashi droni hii, E88, yenye maandishi 4K kwenye boksi, inapangwa meza moja na DJI Mini, na muuzaji anakuambia: "Kaka, ni kitu kimoja, beyi tu ndiyo tofauti." Hapana!

Mikono ya droni kwa haraka. Kwenye Mini 2, ya mbele unaivuta pembeni, ya nyuma inazungukia chini ya tumbo, na chini ya mota za mbele kuna viguu vidogo. Ukikosa hivyo viguu, pengine umeshika Mini 3. Sawa.

Sasa gimbali, yaani kile kichwa kinachobeba kamera. Hapa ndipo napenda. Nawasha Mini 2... mmeona? Kamera imezunguka huku na huku, inajipima, kisha ikatulia. Nainamisha droni kidogo upande wa kushoto: mwili umeinama, kamera bado imenyooka. Nainua pua: kamera inatazama mbele vilevile. Mota tatu ndogo ndizo zinafanya kazi hiyo. Haya, E88. Nawasha... kimya. Naiinamisha: kamera inainama pamoja nayo! Lile duara la plastiki ni la kudanganya macho. Zingine za aina hii zina mota moja ya kuinua na kushusha kamera, lakini upepo ukipiga, picha inatikisika tu. Muuzaji akisema betri imekufa, mwambie aondoe kifuniko cha kamera, uiguse polepole. Gimbali ya kweli ikiwa imezimwa inalegea, inacheza chini ya kidole. Usiilazimishe, nyaya zake ni nyembamba.

Telekomande nayo inasema. Mini SE ya zamani inafungua mabawa mawili chini, simu inakaa katikati. Ya Mini 2 inabeba simu juu. Ila angalieni: Mini 2 SE ina telekomande ileile ya Mini 2, kwa hiyo tafuta maandishi 4K ubavuni mwa kamera. Mini 2 SE haina, inarekodi 2.7K.

Kwa anayeanza? Nilitaka kusema Mini 2, lakini kwa pesa yako chukua Mini 2 SE. Ukiachia vidole, GPS inaishikilia palepale. E88 haina GPS, inafuata upepo. Halafu, loo, E88 ndani ya sebule inafundisha vidole vizuri kweli, na ikianguka haulii. Nje, usinunue.

Mini 2 SE haina macho ya mbele ya kuona vizuizi. Ukibonyeza irudi nyumbani ikiwa mbali, inapanda hadi kimo ulichoweka, kisha inakuja moja kwa moja. Miembe ya jirani ikiwa mirefu kuliko hicho kimo, inaingia humo. Weka kimo kabla ya kuruka.

Mambo ya ruhusa ya kurusha mjini ni video ijayo. Andikeni chini beyi mnazoambiwa huko kwenu, na picha ya kamera, si ya boksi.