Kurudisha bidhaa moja kati ya tatu: jinsi duka lilivyogawa kuponi na pointi zangu

Duka hili la mtandaoni nalipatia nyota 3 kati ya 5. Mzigo ulifika siku iliyoahidiwa na viatu nilivyonunua ni imara. Nyota mbili nimezitoa kwa sababu ya hesabu ya kurudishiwa hela. Nilirudisha bidhaa moja tu, na kwa makusudi au kwa uzembe wa mfumo, nusura nipoteze zaidi ya nusu ya nilichostahili. Ninaeleza hesabu yote hapa ili nawe uweze kuikagua kwenye oda yako.

Oda ilikuwa na vitu vitatu: viatu vya 6,000, begi la 3,000 na mkanda wa 1,000. Jumla 10,000. Kuponi ilikata 2,000, kwa sharti kwamba oda isipungue 8,000. Nikatumia pia pointi 500, ambazo kila moja ina thamani ya 1. Hela iliyotoka mfukoni ikawa 7,500. Begi lilifika na zipu iliyong'oka upande mmoja, nikaomba kulirudisha.

Swali la kwanza la kujiuliza ni hili: begi lile lilinigharimu kiasi gani hasa? Hakuna aliyelipa 3,000. Kuponi ilikatwa kwenye oda nzima, kwa hiyo kila kitu kilibeba sehemu yake ya punguzo kulingana na bei yake:

```
punguzo la bidhaa = punguzo lote × bei ya bidhaa ÷ jumla ya bei
```

Kwa begi ni 2,000 × 3,000 ÷ 10,000, yaani 600. Viatu vinabeba 1,200 na mkanda 200. Baada ya kuponi, begi limebaki 2,400. Pointi nazo hugawanywa vivyo hivyo, ila safari hii kwenye 8,000 iliyobaki: 500 × 2,400 ÷ 8,000 ni 150. Basi begi nililipa kwa hela 2,250 na pointi 150, na hicho ndicho nilichotarajia kurudishiwa. Zile 600 za kuponi sizihesabu kama hasara, maana ni punguzo la kitu ambacho sikubaki nacho.

Ukurasa wa marejesho ukaniandikia 1,000. Pointi, sifuri.

Tarakimu hiyo haikutoka hewani. Mfumo haukugawa kitu, bali ulipiga hesabu upya kana kwamba begi halikuwahi kuwemo kwenye kikapu. Viatu na mkanda ni 7,000, na 7,000 haifiki kima cha chini cha 8,000, kwa hiyo kuponi nzima ikafutwa. Kwa hesabu hiyo nilipaswa kulipa 7,000, nikitoa pointi 500 inabaki 6,500. Nililipa 7,500, basi narudishiwa 1,000. Tofauti na mgawanyo wa haki ni 2,400 kutoa 1,000, yaani 1,400. Angalia kwamba 1,400 ni sawasawa na punguzo la viatu (1,200) pamoja na la mkanda (200). Kwa maneno mengine, duka lilirudisha thamani ya begi, kisha likanidai upya punguzo la vitu ambavyo sijavirudisha. Ukiona pengo lako linalingana na punguzo la vitu ulivyobaki navyo, ujue ndivyo ilivyofanyika.

Sisemi kwamba njia hii ni dhuluma kila mara. Duka linalotoa kuponi yenye kima cha chini lina haki ya kuogopa mtu anayejaza kikapu hadi kufikia sharti, kisha anarudisha nusu yake kwa sababu tu amebadili mawazo. Tena kuna wakati njia hii inamfaa mteja. Kama ningerudisha mkanda pekee, zingebaki 9,000, sharti bado limetimia, kuponi ingebaki nzima ya 2,000 na ningerudishiwa 1,000 kamili. Mgawanyo wa kawaida ungenipa 800 tu, sehemu ya hiyo ikiwa pointi. Kwa hiyo usikimbilie kudai mgawanyo kabla hujapiga hesabu zote mbili.

Lakini begi lilikuwa bovu. Kosa la kushuka chini ya 8,000 halikuwa la mteja, na hapo ndipo ninapolilaumu duka hili bila kusita. Mfumo wao unaniuliza sababu ya kurudisha, ninachagua «bidhaa ina hitilafu», halafu jibu hilo halitumiki popote kwenye hesabu. Bidhaa mbovu, bidhaa isiyo sahihi au iliyofutwa na muuzaji kwa kukosa akiba haipaswi kupimwa kwa kima cha chini. Ubaya wa njia hii unaonekana zaidi kitu kikiwa cha bei ndogo. Chukua oda ya 8,500 yenye kuponi hiyohiyo, uliyolipia 6,500. Ukirudisha kitu cha 1,000, zinabaki 7,500, kuponi inafutwa, na hesabu inasema ulipaswa kulipa 7,500. Yaani unarudisha mali na bado «unadaiwa» 1,000. Kwa hali kama hiyo ukurasa utaonyesha 0, na wengi watadhani ni hitilafu ya mtandao.

Ujumbe uliofanya kazi kwa huduma kwa wateja ulikuwa mfupi. Niliandika namba ya oda, picha ya zipu, picha ya ukurasa wa malipo wenye mstari wa punguzo, kisha sentensi hizi: «Naomba kurudishiwa kile kilicholipwa kwa begi hili, yaani 2,250 na pointi 150. Oda imeshuka chini ya kima cha chini kwa sababu ya hitilafu ya bidhaa, hivyo kuponi isifutwe kwa vitu vilivyobaki.» Ukiandika tu «hela haijatimia», utajibiwa kwamba marejesho yamefanyika kwa mujibu wa vigezo. Taja kiasi. Mhudumu akiwa na tarakimu ya kulinganisha, anaweza kufungua oda na kurekebisha kwa mkono, na hilo lilifanyika siku ya pili. Hapo wanastahili sifa. Picha ya malipo ipige siku unayonunua, maana kwenye duka hili ukurasa wa oda hubadilika marejesho yakishaanza, na mchanganuo wa awali hauonekani tena.

Pointi ndizo zinazohitaji jicho kali zaidi, kwa sababu ni mafungu mawili yanayokwenda pande tofauti: ulizotumia zinatakiwa zirudi kwako, ulizopata zinatakiwa ziondoke.

Tuanze na zilizotumika. Maduka mengine huzihesabu pointi kama malipo, mengine kama punguzo. Zikiwa malipo, sehemu yake hurudi bidhaa inaporudi. Zikiwa punguzo, zinaweza kumezwa kama kuponi, na hiyo ndiyo sababu ukurasa wangu ulionyesha sifuri mwanzoni. Ishara iko kwenye risiti: zikitokea juu ya mstari wa jumla, pamoja na kuponi, mfumo unaziona kama punguzo, zikitokea chini ya jumla, karibu na njia ya kulipia, ni malipo. Huu ni mwongozo tu, lakini unakupa pa kuanzia kuuliza.

Pointi 150 zilirudi, ila zilirudi na tarehe yao ya zamani ya kuisha. Pointi za duka hili huishi miezi 12, na mfumo hutumia za zamani kwanza. Zile 500 zangu zilikuwa na 150 zilizobakiza siku 9 na 350 zilizobakiza miezi kadhaa. Mfumo ukanirudishia zile za siku 9. Kihesabu hakuna kilichopungua, salio linaonyesha 150, lakini thamani inayeyuka kabla hujapata cha kununua. Baada ya marejesho, usiangalie salio peke yake. Fungua historia ya pointi usome tarehe ya kuisha ya lile fungu lililorudi. Niliomba ziongezewe muda, wakatoa siku 30.

Sasa zilizopatikana. Duka linatoa pointi 1 kwa kila 100 ya hela iliyolipwa, na kwa 7,500 nilipata 75. Baada ya kurudisha begi, hela iliyobaki dukani ni 5,250, inayostahili pointi 52 baada ya kushusha desimali. Kwa hiyo zilizopaswa kuondolewa ni 23. Wao waliondoa 30. Thelathini ni 3,000 gawa kwa 100: walitoa pointi kwa bei baada ya punguzo, wakazichukua kwa bei kabla ya punguzo. Pointi 7 ni kidogo, nakubali, lakini mfumo huo unafanya hivyo kwa kila mteja na kwa kila oda yenye kuponi, na kadiri punguzo linavyokuwa kubwa ndivyo pengo linavyopanuka. Tofauti ya pointi 1 inaweza kutokana na kuzungusha desimali, hiyo iache. Ikizidi hapo, gawanya pointi zilizoondolewa kwa bei ya bidhaa kabla ya punguzo. Ukipata kiwango kilekile cha kutolea pointi, umeshajua kosa liko wapi.

Kama pointi ulizopata umeshazitumia, salio litakwenda chini ya sifuri au thamani yake itakatwa kwenye hela yako. Subiri muda wa kurudisha bidhaa upite kabla hujazigusa.

Imebaki kuponi yenyewe. Ilikuwa ya kutumika mara moja, na kurudisha begi hakukuifufua. Nilipotaka begi lilelile jipya, bei ikawa 3,000, wakati mwanzo lilinigharimu 2,400. Hapo ndipo zile 600 zinapogeuka hasara ya kweli. Duka likanitumia kuponi mpya ya 600 kama fidia, ila nayo imewekewa kima cha chini cha 8,000, haitumiki kwa begi la 3,000. Nimewaandikia mara mbili waondoe sharti hilo na hadi naandika haya hawajaondoa.

Ukiwa bado unakitaka kitu kilichofika kibovu, kwenye fomu yao chagua «kubadilisha» badala ya «kurudishiwa hela». Kitufe kiko chini kabisa, hakionekani hadi ushushe ukurasa. Kwa kubadilisha, oda inabaki ya 10,000, kuponi haiguswi, pointi haziondoki wala kurudi, na hakuna hesabu ya kukosewa. Kabla ya kuchagua, hakikisha tu kwamba bidhaa hiyo bado ipo stoo, maana ikikosekana mfumo hugeuza ombi lako kuwa la kurudishiwa hela, na ile hesabu ya 1,000 inarudi tena.