Siku 90 na Grasshopper: paneli 60 za ukuta uliopinda, Raskazone

Nimekuwa nikichora majengo hapa Tanga kwa miaka kadhaa, na kila nilipotakiwa kuweka matundu kwenye ukuta nilichora moja, nikalinakili, nikalisogeza, nikarudia mpaka macho yakaniuma. Safari hii mwenye nyumba ya wageni Raskazone alitaka ngazi zake zifunikwe upande wa magharibi na paneli za alumini zenye matundu ya mviringo: makubwa karibu na kituo cha ngazi ili upepo upite, yakipungua kadiri yanavyokwenda mbali. Na ukuta wenyewe umepinda. Nikapakua Rhino ya majaribio, programu ya kuchora maumbo kwa kompyuta, ambayo hufanya kazi zote kwa siku 90. Grasshopper imo ndani yake tangu toleo la 6 la mwaka 2018, kwa hiyo hakuna cha kupakua kando.

Kwa asiyeijua Grasshopper: huandiki programu, unaunganisha visanduku kwa waya. Kila kisanduku kina kazi yake, na namba unazisukuma kwa slaida. Ukibofya mara mbili pale wazi kwenye ubao ukaandika `0<12<20`, slaida inatokea papo hapo ikiwa na 12, mwisho 20. Hilo peke yake lilinifanya nisahau chai ikapoa.

Vipimo vyangu: ukuta una urefu wa mita 7.2 ukiufuata mpindo, kimo mita 3. Nilitaka paneli za milimita 600 kwa 600, yaani safu 12 za paneli tano, jumla 60. Shiti ya alumini ni 1220 kwa 2440, kwa hiyo inatoa paneli nane na kubakiza nafasi ya ncha ya kukatia ya mashine. Shiti nane zinatosha. Hesabu safi kabisa, na ndiyo iliyoniponza.

Nilifanya kama video nyingi zinavyofundisha. Nikauingiza ukuta kwenye `Surface`, nikaupeleka `Divide Domain²` na 12 kwa 5, kisha `Isotrim` ikaukata vipande. Kwenye skrini ulipendeza. Nikachapisha karatasi ya vipimo nikampelekea mzee mmoja wa karakana Ngamiani anayekata kwa mashine ya kompyuta. Akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye safu ya kwanza, akanitazama.

“Binti, umesema zote mia sita. Hii mbona mia tano ishirini na nane?”

“Shikamoo baba, labda printa.”

“Marahaba. Printa haiwezi kupunguza huku ikaongeza kule. Ya mwisho hii ni mia sita themanini na moja.”

Alikuwa sahihi, nami nilitamani ardhi inimeze. Kosa halikuwa la programu. `Divide Domain²` haigawi urefu, inagawa kikoa, yaani ule mfuatano wa namba ambao uso unatumia kujipima ndani yake. Mstari wangu wa chini niliuchora kwa mkono, nikasongamanisha nukta za kudhibiti pale ukuta unapopinda sana na kuziachanisha pale unaponyooka. Hatua moja ya kikoa penye nukta nyingi ni fupi, penye nukta chache ni ndefu. Kwa hiyo paneli za kwenye mpindo zilitoka nyembamba, na za kwenye unyoofu zikanenepa. Kubofya `Reparameterize` hakusaidii: kikoa kinaanzia 0 kuishia 1, lakini mgawanyo wa ndani unabaki vilevile. Hasara yake si ya macho tu. Paneli ya 681 haiingii mara nne kwenye shiti, inaingia mara tatu, na shiti inatoa sita badala ya nane.

Dawa ni kuugawa mstari kwanza, uso baadaye. `Divide Curve` hugawa kwa urefu halisi. Nikaipa 12, nikachukua `t` zake nikazipeleka `Shatter`, mstari ukakatika vipande 12 vinavyolingana, kisha `Extrude` pamoja na `Unit Z` ya 3000 ikavipandisha juu. Kila safu sasa ni uso wake, na kwenda juu ni mstari mnyoofu, kwa hiyo hapo `Divide Domain²` haina madhara: 1 kwenye U, yaani kwa upana, 5 kwenye V, yaani kwa kimo. (Ukiona vipande vimesimama badala ya kulala, badilisha namba hizo mbili.) Nyuso zinazoingia `Isotrim` lazima uzibofye `Graft`, inayoweka kila uso kwenye tawi lake la data, la sivyo safu zinachanganyikana. Baadaye nikaunganisha `Length` na `Panel` ile ya njano nikasoma: 600, 600, 600. Siku hizi sichapishi kitu kabla ya kuangalia hapo.

Matundu ndiyo yaliyonichukua jioni mbili. Kila paneli inapata katikati yake kwa `Evaluate Surface`, `Distance` inapima mpaka nukta niliyoiweka kwenye kituo cha ngazi, na `Remap Numbers` inageuza umbali kuwa nusu kipenyo. Lengo nililiandika kinyume, 240 kwenda 40, ili iliyo karibu ipate tundu kubwa. Inakubali bila ubishi. Paneli yenye tundu kubwa kuliko yote inabaki na milimita 60 za bati kila upande.

Lakini picha ilikataa. Kila safu ilikuwa na tundu moja la 240 na moja la 40, hata zile safu za mwisho kabisa ambazo zilipaswa kuwa na vitundu tu. Ukuta ulionekana kama mikufu 12 iliyoning'inia, kila mmoja na mambo yake. Sababu: `Bounds`, inayotafuta umbali mdogo na mkubwa, ilikuwa inahesabu kila safu peke yake kwa sababu data ilikuja kwa matawi. Bofya kulia kwenye `N` ya `Bounds`, chagua `Flatten`, inayoyaunganisha matawi yote kuwa orodha moja, na hapo tu. Ukiiwekea `Flatten` pia data inayoingia `Remap Numbers` yenyewe, unapoteza mpangilio wa safu na namba za paneli zinavurugika.

Jingine dogo: `Bake` ikishatoa michoro kwenye Rhino, slaida haziigusi tena. Niliibonyeza mara mbili bila kujua, michoro ikalaliana, na mashine ingekata kila duara mara mbili. `SelDup` kwenye Rhino iliikamata.

Paneli zenyewe tulizikata bapa. Pale ukuta unapopinda zaidi, nusu kipenyo ni kama mita 4.5, na paneli bapa ya 600 inaachana na mpindo kwa milimita 10 katikati. Vishikizo vya nyuma vilimeza tofauti hiyo. Alumini niliichagua kwa ajili ya chumvi ya bahari. Chuma cheusi pale hakifiki mbali bila kutu.

Kwa kazi hii naipa nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu laptopu yangu ya ramu ya GB 8 ilikuwa inasita kila nilipoburuta slaida, kwani hesabu yote inarudiwa kwa kila hatua, ikabidi nizime sehemu ya matundu kwa `Disable` kila ninapobadili idadi ya safu.

Juzi mwenye nyumba kaniita, sasa anataka na paa la baraza livae paneli hizohizo, nalo limebinuka pande zote mbili kama kifuniko cha chungu. Nimemwambia faili hili halifai hapo. Pembe nne za kila paneli hazitalala kwenye bapa moja, na bati la milimita 3 halikubali kusokotwa. Namwandalia pembetatu.