Tripu ya mchanga Ganda: nililipia kyubiki 6, nikapata nne na nusu

Najenga vyumba viwili na baraza huku Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi. Mchanga wa mto Sabaki na mabloku nimechukua kwa muuzaji mmoja, ambaye sitamtaja. Simu anapokea na gari linafika siku aliyosema. Shida yangu naye ni kipimo.

Mchanga anauza kwa tripu, shilingi 9,000, na kwa maneno yake gari lake "linabeba kyubiki sita." Tripu ya kwanza ilimwagwa nikiwa kazini. Fundi wangu akanipigia jioni: "Dada, mchanga huu ni mdogo." Kwa rundo lililo chini utabishana na nani? Ya pili nikaisubiri kwa tepu mkononi.

Bodi kwa ndani ilikuwa mita 3.9 kwa 2, na kimo cha ubavu sentimita 77. Ukizidisha ni kyubiki 6 kamili, kwa hivyo muuzaji hakudanganya kuhusu gari. Lakini mchanga ulikuwa umepanda katikati kama mgongo wa ng'ombe, na kwenye pembe umeshuka. Ukisimama barabarani unaona ule mgongo tu. Nikapanda na kipande cha nondo, nikakidunga hadi kigonge sakafu ya bodi, pembe nne na katikati. Nikapata sentimita 45, 50, 55, 55 na 85. Wastani ni 58. Mita 3.9 kwa 2 kwa 0.58 inatoa kyubiki 4.5. Kyubiki niliyodhani ni shilingi 1,500 ikawa 2,000.

Dereva akacheka. "Mama, tangu nianze kazi hii sijaona mteja akipanda juu ya mchanga." Kisha akasema mchanga hushindiliwa na matuta ya njiani. Kweli, hushuka kidogo. Lakini robo ya gari haipotelei kwenye matuta.

Kuna jambo la pili ambalo fundi ndiye aliyenionyesha. Mchanga wenye unyevu kidogo huvimba, kwa sababu maji membamba yanayozunguka chembe huzitenganisha. Tulijaza ndoo yenye pande zilizonyooka kwa mchanga kama ulivyokuja, bila kuushindilia, hadi sentimita 30. Tukaumwaga kando, tukatia maji nusu ndoo, tukaurudisha taratibu huku tukiukoroga kwa fimbo. Ulipotulia ukasimama kwenye 25. Yaani katika kila sita, moja ilikuwa hewa, na zile kyubiki 4.5 ukizikausha zinakaribia 3.8. Hili silihesabu kama wizi, mto ni mto. Ila fundi akipima zege kwa karai la mchanga wa namna hii bila kuongeza, mchanga utapungua kwenye mchanganyiko. Ajabu ni kwamba mchanga unaochuruzika maji hauna uvimbe huo. Unaodanganya ni ule wenye unyevunyevu tu, ambao macho yanauona mzuri.

Kokoto haivimbi hivyo, lakini nondo haipenyi. Hiyo tulisawazisha kwa reki ndani ya bodi, tukavuta kamba kutoka ubavu hadi ubavu, tukapima pengo chini ya kamba na kulitoa kwenye kimo. Ilipungua kidogo sana, sikulalamika.

Mabloku nikadhani ndiyo salama, maana yanahesabiwa. Yalifika 750, hesabu sawa, yaliyovunjika manne akayabadilisha bila neno. Bloku aliyoniuzia ni ya sentimita 39 kwa 19 usoni. Ukiweka udongo wa saruji wa sentimita moja, mita mraba ya ukuta inakula 12.5, na kuta zangu ni mita mraba 60. Fundi alipofika kozi ya tatu akaniita. Tukapima kumi: nyingi ni 37 kwa 18. Kwa kipimo hicho mita mraba inakula karibu 14, na ukuta wangu unataka 831. Nimenunua 81 zaidi, pamoja na saruji ya viungo vya ziada. Hapa kosa ni langu nusu, ningepima moja tu kabla hazijashushwa.

Nilimpigia muuzaji kuhusu mchanga. Akakasirika kwanza, kisha akasema, "Haya, mama, tulipane kwa kyubiki." Tripu ya tatu ilikuja imesawazishwa hadi pembeni, tukapima 5.6, nikalipa 8,400 kabla bodi haijainuliwa. Nampa nyota tatu. Ya nne nitaiongeza nikiona mabloku mapya yana sentimita 39.