Nilivyodai nauli ya treni iliyofutwa Mbeya, na barua niliyoandika

Huduma ninayoitolea maoni hapa ni ya kurejeshewa nauli, maana treni yenyewe sikuipanda. Shirika silitaji jina. Nawapa nyota tatu kati ya tano: mbili kwa kuwa pesa ilirudi yote, na moja kwa dada mmoja wa dirishani ambaye bila yeye ningerudishiwa pungufu.

Tulikuwa tunakwenda Ifakara kwenye arusi, mimi, mama na wanangu wawili. Tiketi zilikatwa mapema, daraja la pili kulala, kwa sababu mama mgongo haumruhusu kukaa kwenye kiti usiku kucha. Siku ya safari tukafika stesheni kule Iyunga na mabegi, baridi ya Juni imetukaza, tukakuta karatasi imebandikwa kando ya dirisha la tiketi: safari ya leo imefutwa kwa uhaba wa injini, abiria mnaombwa radhi. Watu walianza kugombana na mlinzi. Mimi nikatoa simu nikaipiga picha ile karatasi, ikiwa na namba ya treni, tarehe, muhuri na saini. Kesho yake haikuwepo tena ukutani, na waliokuja kudai bila picha walikuwa wanaulizwa wamejuaje kwamba treni ilifutwa.

Dirishani nikapewa fomu. Kichwa chake kilisema “Kughairi Safari”, na chini, kwa herufi ndogo, kulikuwa na sehemu ya makato ya asilimia 10. Yule dada akaniangalia, akasema taratibu, “Kaka, hii ni ya abiria aliyebadili mawazo. Wewe hujaghairi, sisi ndio tumefuta. Ukiisaini, mhasibu atakata tu, hatauliza. Andika barua.”

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Aliyevunja safari ni nani? Abiria akiahirisha mwenyewe, shirika lina hoja ya kukata kidogo, kwa sababu kitanda kimebaki wazi na huenda hakikupata mtu. Treni ikifutwa na shirika lenyewe, hiyo hoja haipo. Kwa hiyo barua lazima iseme wazi, kwa sentensi yake, kwamba huduma ilifutwa na mtoa huduma. Nyumbani nikakaa na mdogo wangu, tukaandika hivi:

S.L.P. (yangu), Mbeya
18 Juni 2024

Mkuu wa Stesheni,
Stesheni ya Mbeya.

YAH: MAOMBI YA KUREJESHEWA NAULI SH. 90,000 KWA SAFARI ILIYOFUTWA YA TAREHE 14 JUNI 2024

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 3 Juni 2024 nilikata tiketi nne za daraja la pili kulala, Mbeya hadi Ifakara, kwa safari ya tarehe 14 Juni 2024. Tiketi namba 20417 na 20418 ni za watu wazima, sh. 30,000 kila moja. Tiketi namba 20419 na 20420 ni za watoto, sh. 15,000 kila moja. Jumla niliyolipa ni sh. 90,000. Malipo yalifanyika kwa simu ya mdogo wangu siku hiyohiyo, na nakala ya ujumbe wa muamala nimeiambatisha pamoja na maelezo yake yaliyosainiwa.

Tarehe 14 Juni 2024 safari hiyo ilifutwa na shirika, kwa tangazo lililobandikwa stesheni (picha imeambatishwa). Mimi sikughairi wala kuahirisha safari, na tiketi hizo hazikutumika kwa treni nyingine yoyote.

Kwa kuwa huduma ilifutwa na mtoa huduma, naomba kurejeshewa nauli yote, sh. 90,000, bila makato. Fedha zitumwe kwenye namba yangu ya simu iliyoandikwa hapo chini, ambayo jina lake ni sawa na jina lililo kwenye tiketi. Naomba nijibiwe kwa maandishi kabla ya tarehe 2 Julai 2024.

Wako katika ujenzi wa taifa,
(saini, jina, namba ya simu)

Nakala: LATRA, Ofisi ya Mkoa, Mbeya.

Aya ya pili inaonekana ndefu lakini ndiyo mhasibu anayoisoma. Anachofanya ni kuchukua namba ya tiketi, kuitafuta kwenye daftari la mauzo, kisha kulinganisha kiasi. Ukiandika “tiketi zangu nne, jumla elfu tisini” tu, na mbili ni za watoto, hesabu yake haitakubali, na barua inakaa pembeni ikingoja mtu akupigie. Jambo la simu ya mdogo wangu nalo lilihitaji kusemwa mapema. Aliyelipa ni mmoja, jina la tiketi ni jingine, na mtunza fedha yeyote makini lazima asite hapo.

Tiketi halisi sikuziacha. Nilipeleka nakala, nikamwonyesha karani zile halisi, akaandika juu ya nakala “nimeziona”. Nilikuwa nimechapa barua mbili, nikaomba nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Mzee mmoja nyuma yangu kwenye foleni akacheka, “Kijana, wewe unakwenda mahakamani?” Nikamwambia hapana, mzee wangu, nakwenda kwa mhasibu.

Mama alitaka tudai na nauli ya basi. Tulilazimika kupanda basi stendi ya Nane Nane, tukapita Makambako, tukateremka Kitonga hadi Mikumi, kisha tukabadilisha gari kwenda Kidatu na Ifakara. Alikuwa na haki ya kukasirika, ila sikuiweka kwenye barua hii. Karani alinieleza kwamba mkuu wa stesheni ana uwezo wa kuidhinisha nauli iliyo kwenye tiketi, lakini madai ya hasara nyingine hupelekwa makao makuu. Ukichanganya, faili lote linapanda juu na elfu tisini yako inapanda nalo. Nikaandika barua ya pili, peke yake, yenye tiketi za basi.

Tatizo lililojitokeza sikulitarajia. Nilipigiwa simu, mhasibu akasema kwenye kitabu chake tarehe 14 hakuna treni iliyofutwa. Kumbe wao huandika treni kwa tarehe inayoondoka kituo cha kwanza, upande wa pili wa mpaka, na yetu ilikuwa iondoke huko tarehe 13 ndipo ifike Mbeya kesho yake. Kama barua yangu ingekuwa na tarehe tupu, ningeambiwa naongopa. Ile picha ya tangazo ilikuwa na namba ya treni, akaifuata namba, akaikuta. Kwa hiyo ukiandika yako, namba ya treni iweke ndani ya barua kabisa, karibu na tarehe, hasa kama unapandia kituo cha katikati.

Pesa iliingia kabla ya tarehe niliyoweka, sh. 90,000 kamili. Jibu la maandishi halikuja, na hapo ndipo nyota moja imekwenda. Nyingine imekwenda kwa ile fomu, kwa sababu nilipopita juzi kumsindikiza shangazi bado ilikuwa ndiyo inayotolewa dirishani kwa kila mtu. Barua ya nauli ya basi iko makao makuu mpaka leo. Wakinijibu nitaongeza hapa.