PMT kwenye mkopo wenye mkupuo wa mwisho na kipindi cha neema: uzoefu wangu

Fomula ya PMT ya Excel naitumia karibu kila siku kupanga marejesho, na kwa mkopo wa kawaida sina la kulalamikia. Tathmini hii ni ya mkopo wa aina nyingine: ule ambao miezi ya mwanzo mkopaji hajaanza kupunguza deni, halafu mwishoni analipa kiasi kikubwa kwa mkupuo. Hapo PMT bado inafaa, ila haina sehemu ya kuiambia habari za neema, na ukikosea alama moja inakupa jibu lisilo sahihi bila onyo lolote.

Mfano nitakaoutumia ni mkopo wa 1,000,000, riba 12% kwa mwaka (yaani 1% kwa mwezi), muda wa miezi 24, na mkupuo wa 300,000 mwishoni. Neema tuiache kwanza. Bila mkupuo wowote, rejesho la kila mwezi ni 47,073.47. Mkupuo unaingia kwenye nafasi ya nne ya fomula, ile ambayo Excel inaiandika `fv`:

```
=PMT(1%,24,-1000000,300000)
```

Jibu ni 35,951.43. Alama ya kutoa iko kwenye mkopo, haiko kwenye mkupuo, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Mkopo na mkupuo vikiwa na alama moja, jibu ni 58,195.51 (litatokea likiwa hasi kama vyote viwili ni chanya). Excel imeelewa kwamba unataka kumaliza deni lote na juu yake ujiwekee akiba ya 300,000. Kuligundua kosa hili hakuhitaji hesabu: mkupuo unatakiwa kushusha rejesho. Likipanda kupita 47,073.47, alama zimekaa vibaya.

Kuna njia ya kulihakiki jibu ambayo naipenda kwa sababu inaonyesha kinachoendelea ndani. Zile 300,000 hazipunguzwi kabisa hadi siku ya mwisho, kwa hiyo kila mwezi zinazaa riba ya 3,000. Zilizobaki, 700,000, zinalipwa kama mkopo wa kawaida kwa 32,951.43 kwa mwezi. Jumlisha, unapata 35,951.43. Hapo pia inaonekana kwa nini rejesho dogo halimaanishi mkopo rahisi: jumla ya riba imepanda kutoka 129,763.33 hadi 162,834.33.

Sasa weka neema ya miezi 3. Kabla ya kugusa fomula, soma mkataba unasemaje kuhusu riba ya miezi hiyo. Kama mkopaji anailipa, basi ni 10,000 kila mwezi kwa miezi 3 na deni linabaki palepale. Kinachobadilika ni idadi ya marejesho tu: 24 inakuwa 21, na rejesho linafika 40,121.53. Kama halipi chochote, riba inaongezwa kwenye deni, nalo linakua hadi 1,010,000, kisha 1,020,100, kisha 1,030,301. Hicho kiasi cha mwisho ndicho kinachoingia kwenye PMT badala ya milioni moja, na rejesho linakuwa 41,728.41. Mikataba mingine huiweka neema juu ya miezi 24, si ndani yake. Kwa hiyo idadi ya marejesho ihesabu mwenyewe kwa kuangalia tarehe ya rejesho la kwanza na la mwisho.

Jedwali lenyewe nalipanga hivi. B1 ni mkopo, B2 riba ya mwaka, B3 miezi yote, B4 miezi ya neema, B5 mkupuo, B6 rejesho. Kuanzia mstari wa 10, safu A ni mwezi, B salio la kuanzia, C riba, D malipo, E deni la msingi lililopungua, F salio la kufungia.

```
B6:  =ROUND(PMT(B2/12,B3-B4,-B1,B5),2)
B10: =B1
C10: =ROUND(B10*$B$2/12,2)
D10: =IF(A10<=$B$4,C10,IF(A10=$B$3,B10+C10,$B$6))
E10: =D10-C10
F10: =B10-E10
B11: =F10
```

C hadi F unazivuta chini mpaka mwezi wa 24, na B unaivuta kuanzia B11. Mwezi wa 4 utaonyesha riba 10,000, deni la msingi 30,121.53 na salio 969,878.47. Mwezi wa 5 riba inashuka hadi 9,698.78 na salio hadi 939,455.72. Kwa neema isiyolipwa chochote, ndani ya D badilisha `C10` ya kwanza iwe `0`, na ndani ya B6 badilisha `-B1` iwe `-B1*(1+B2/12)^B4`. Vyote viwili, si kimoja.

Mstari wa mwisho nimeuacha makusudi ulipe salio lote na riba yake, kwa sababu ndio unaosema ukweli wa jedwali zima. Katika mfano wa kulipa riba tu, unatakiwa kusoma 340,121.53, yaani rejesho la kawaida na mkupuo kwa pamoja, kwa tofauti ya senti chache zinazotokana na kukadiria. Ukisoma kama 432,861, umeacha 24 ndani ya PMT ilhali marejesho ni 21. Kwenye mkopo ambao neema yake hailipwi kitu, ukikuta kama 377,464, umeweka sifuri kwenye malipo lakini ukasahau kukuza deni kwenye B6. Salio la F litakuwa sifuri katika hali zote hizo, hivyo sifuri peke yake isikuridhishe.

Swali moja zaidi la mkataba: je, mkupuo unalipwa pamoja na rejesho la mwisho, au wenyewe ndio rejesho la mwisho? PMT inachukulia la kwanza. Kama mwezi wa 24 mkopaji analipa 300,000 tu, marejesho yanabaki 20 na salio baada ya mwezi wa 23 linatakiwa kuwa 300,000 ikirudishwa nyuma mwezi mmoja. Andika `=PMT(1%,20,-1000000,300000/1.01)`, upate 41,925.62. Ni ongezeko la 1,804.09 kila mwezi, linalotokana na sentensi moja ya mkataba.

Lalamiko langu kubwa ni kwa CUMIPMT, fomula ya kujumlisha riba. Yenyewe haina kabisa nafasi ya mkupuo. Ukiiuliza riba ya marejesho 21 kwa mkopo wa milioni moja, itakupa 113,645.80 yenye alama ya kutoa mbele, ambayo unaipuuza, ilhali riba halisi ni 142,552.06. Namna ya kuizunguka ni kuipa 700,000 peke yake, itoe 79,552.06, kisha uongeze 3,000 mara 21. Au ujumlishe safu C ya jedwali, ambayo ndiyo njia ninayoitumia, ukikumbuka kwamba yenyewe ina na zile 30,000 za miezi ya neema.